Shajara ya mradi: jozi za benki NSE, korelesheni iko juu lakini pengo halirudi

Jumamosi, data imeingia

Haya, folda ya bei za kufunga za benki kumi zilizoorodheshwa kwa soko la hisa la Nairobi, NSE, iko tayari na kazi ya mradi ni moja tu, kuchagua jozi. Yaani hisa mbili ambazo pengo la bei kati yao likipanuka uko na sababu ya kuamini litarudi, ndio unanunua ile imebaki nyuma, unauza ile imetangulia, alafu unangoja. Lisiporudi huna biashara, uko tu na madeni mawili badala ya moja.

Kwa hii shajara nitaita benki kwa herufi, A, B, C, hivyo. Data bado ni chafu na sitaki mtu aende kwa broka wake Jumatatu juu ya kitu aliona hapa.

Mwenzangu tunayejenga naye ashatengeneza jedwali la korelesheni, jozi za juu amezipaka kijani, na ako tayari tuanze. Ameniuliza, "Buda, si tuchukue tu hizi za kijani? Zikipanda zinapanda pamoja, zikishuka pamoja, unataka nini ingine?" Nikamwambia hata angeniletea jozi yenye korelesheni ya 0.9, ambayo kwa soko letu hutaipata kirahisi, bado ningekataa kuingiza pesa kabla ya kipimo kingine. Akasema naongea kama mwalimu wa takwimu. Basi nikamfanyia hesabu, naiweka hapa pia kwa sababu ndio msingi wa kila kitu kinachofuata.

Chukua hisa mbili, kila moja inacheza asilimia 1.5 kwa siku, huo ni mkengeuko sanifu wa mabadiliko ya siku, na korelesheni ya hayo mabadiliko ni 0.9. Tofauti kati ya zile mbili kwa siku moja ni ndogo:

```
pengo kwa siku      = 1.5 × sqrt(2 × (1 − 0.9)) = 0.67
baada ya siku 250   = 0.67 × sqrt(250)          = 10.6
baada ya siku 1000  = 0.67 × sqrt(1000)         = 21.2
```

Asilimia 0.67 kwa siku, karibu huoni. Shida ni kwamba hakuna kitu kwa korelesheni kinasema tofauti ya leo itafutwa kesho. Kama tofauti ya kila siku ni mpya na haijali ya jana, zinajumlika tu, na baada ya mwaka mmoja wa soko pengo la kawaida limefika asilimia 10 na kitu, miaka minne asilimia 21, na hiyo ni kawaida tu, sio balaa. Wewe uliuza pengo likiwa asilimia 4 ukisema limezidi, kumbe lilikuwa limeanza safari.

Ni kama matatu mbili za rout moja pale Thika Road. Jam ni moja, stage ni zile zile, ukiangalia saa moja zinasimama na kuondoka karibu pamoja, korelesheni safi kabisa, lakini hakuna kamba kati yao na moja ikipata nafasi pale Roysambu imeenda. Gari bovu linalovutwa kwa kamba nalo linaruka ruka na kuyumba, likiwa nyuma hata huoni kama linafuata vizuri, lakini haliwezi kuachwa. Sisi tunatafuta kamba.

Jumapili, upande wa pili wa hiyo hesabu

Mwenzangu amekubali nusu. Anasema sawa, korelesheni ya juu haitoshi, lakini si angalau tuitumie kama chujio la kwanza, tuondoe za chini tubaki na za juu ndio tupime? Inaonekana ni busara na watu wengi hufanya hivyo, lakini hapo pia kuna shimo, na skripti ya mistari michache inalionyesha.

```python
import numpy as np
rng = np.random.default_rng()
n = 1000
x = np.cumsum(rng.normal(0, 0.01, n))
a = x + rng.normal(0, 0.01, n)
b = x + rng.normal(0, 0.01, n)
print(np.corrcoef(np.diff(a), np.diff(b))[0, 1])
```

Hapa `x` ndio mwendo wa pamoja, thamani ya biashara ya benki kwa mfano, inatembea bila kurudi. `a` na `b` ni hisa mbili (logi ya bei) zinazobeba huo mwendo, kila moja na kelele yake ya siku ambayo kesho yake imeisha. Pengo `a - b` ni kelele tupu, mkengeuko wake ni kama asilimia 1.4 leo, mwaka ujao, miaka kumi ijayo, haliendi popote. Jozi nzuri kuliko hii huwezi kuuliza. Sasa korelesheni ya mabadiliko ya siku inatoka ngapi? Kwa hesabu ni theluthi moja, karibu 0.33, kwa sababu kelele inahesabiwa mara mbili, ikiingia leo na ikitoka kesho, na inafunika mwendo wa pamoja. Chujio la "tupa kila kitu chini ya 0.7" lingeitupa hii na kubakisha ile ya jana inayopotea asilimia 21.

Ukiangalia kwa wiki au kwa mwezi badala ya siku, korelesheni ya hii jozi inapanda, mwendo wa pamoja unapata muda wa kuonekana. Hiyo yenyewe ni dalili ya kutafuta: jozi ambayo korelesheni yake inazidi kupanda kadri unavyonyoosha kipindi iko na nafasi ya kuwa na kamba. Ile ambayo inabaki pale pale ni matatu mbili.

Na tafadhali tusianze kupima korelesheni ya bei zenyewe badala ya mabadiliko. Mtakwimu Udny Yule alishaandika kuhusu hiyo upuzi 1926, mistari miwili isiyojuana kabisa inayotembea ovyo inaweza kutoa korelesheni kubwa sana kwa sababu tu zote zimepanda kipindi kimoja, na Granger na Newbold 1974 wakaonyesha rigresheni ya hizo mistari inatoa takwimu za kupendeza ambazo hazina maana yoyote.

Jumanne usiku, kipimo chenyewe

Stima ilipotea kidogo huku Kahawa West lakini laptopu ilikuwa na chaji, kazi imeendelea.

Kipimo tunachotumia ni cha Engle na Granger wa 1987, ile kazi ya kointegresheni, jina la kitabuni la hiyo kamba, iliyompa Granger Nobel ya uchumi 2003. Kwa maneno ya kawaida ni hatua mbili. Kwanza unafanya rigresheni ya logi ya bei ya A juu ya logi ya bei ya B, unapata beta, yaani B ikisonga asilimia moja A inasonga asilimia ngapi kwa muda mrefu. Unatoa, unabaki na mabaki, hayo ndio spredi yako. Pili unauliza hayo mabaki yako na yuniti ruti ama hayana.

Yuniti ruti usiogope jina. Chukua spredi ya jana, zidisha na namba fulani, ongeza mshtuko wa leo, umepata spredi ya leo. Hiyo namba ikiwa moja kamili, kila mshtuko unabaki ndani milele na spredi haina mahali inaita nyumbani. Ikiwa chini ya moja, tuseme 0.95, mshtuko unapungua asilimia 5 kila siku mpaka unaisha. Kipimo cha Dickey na Fuller, 1979, kinageuza hiyo kuwa rigresheni: mabadiliko ya spredi leo juu ya kiwango cha spredi jana. Kama jana ilikuwa juu sana leo inafaa ivutwe chini, kwa hivyo unatafuta kigawo hasi, na cha kutosha ndio usiseme ni bahati. Kuna toleo lililoongezwa mabadiliko ya siku za nyuma ndani ili kelele zinazofuatana zisikudanganye, ndio hilo `adfuller` kwa `statsmodels`.

Hapa ndio sehemu niliyotaka kukaa nayo, kwa sababu mwenzangu alitumiwa daftari la skripti na jamaa fulani na lilikuwa limejaa jozi "zilizopita", nyingi ajabu. Nikafungua kuona zinapita vipi. Jamaa anafanya rigresheni, anachukua mabaki, anayapeleka moja kwa moja kwa `adfuller`, anasoma thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata namba kali hivyo kwa bahati tu, ikiwa chini ya 0.05 anashangilia. Kila hatua ni sawa isipokuwa jedwali. `adfuller` inafikiri umeipatia mstari uliookota barabarani, haijui kwamba wewe ulichagua beta kwanza. Na rigresheni ilichagua hiyo beta kwa kusudi la kufanya mabaki yawe madogo iwezekanavyo, maana yake kati ya spredi zote zinazowezekana umeleta ile inayoonekana imetulia zaidi, alafu ukauliza kama imetulia. Si itasema ndio!

Kwa hivyo mpaka unafaa kuwa mkali zaidi. Kwa data ndefu, jedwali la kawaida la Dickey-Fuller lenye konstanti linakata asilimia 5 kwenye -2.86, kipimo kikitoa namba iliyo chini ya hapo ndio jozi inapita. Kwa mabaki ya hisa mbili mpaka ni -3.34, na kwa asilimia 1 ni -3.90. Tuseme jozi yako imetoa -3.05. Kwa jedwali la jamaa imepita vizuri. Kwa jedwali sahihi imeangukia kwenye asilimia 10 hivi, yaani hapana, rudi nyumbani.

Nikampatia mwenzangu hii ajaribu mwenyewe, mistari miwili isiyojuana hata kidogo:

```python
from statsmodels.tsa.stattools import adfuller, coint
u = np.cumsum(rng.normal(size=n))
v = np.cumsum(rng.normal(size=n))
beta, c = np.polyfit(v, u, 1)
e = u - c - beta * v
print(adfuller(e)[1], coint(u, v)[1])
```

Iweke ndani ya lupu, izungushe mara elfu kadhaa, hesabu ni mara ngapi kila moja inashuka chini ya 0.05. `coint` inakaa karibu na asilimia 5 kama ilivyoahidi kwa sababu inatumia jedwali la MacKinnon lililotengenezwa kwa mabaki. `adfuller` inapita asilimia 10 na zaidi, mara mbili ya ulichofikiri ama hata kupita. Na kuna wale wanasema mabaki wastani wake ni sifuri kwa hivyo konstanti haihitajiki, wanaweka `regression="n"`, hapo jedwali linakata kwenye -1.94 hivi na zaidi ya nusu ya jozi za uongo zinapita. Nusu! Hiyo ni kurusha shilingi.

Mwenzangu amenyamaza kidogo alafu akaniuliza swali zuri, "Kwani jedwali la kawaida halitumiki kamwe kwa spredi?" Linatumika, kama beta hukuichagua kwa data hiyo hiyo. Mfano ninaoupenda ni Royal Dutch na Shell, kampuni mbili zilizounganisha biashara 1907 kwa mkataba wa kugawana 60 kwa 40, hisa mbili, soko mbili, mpaka zilipokuwa kampuni moja 2005. Hapo uwiano uko kwa karatasi, 1.5, haukutoka kwa rigresheni, kwa hivyo unaweza kupima pengo moja kwa moja na jedwali la kawaida. Na hiyo ndio kamba ngumu kuliko zote unaweza kupata, ilhali miaka ya mwanzo ya 80 bei ziliachana na huo uwiano kwa zaidi ya asilimia 30, na LTCM, hedge fund ya Amerika, walikuwa wamebeba hiyo jozi 1998 pengo likapanuka wakiwa ndani. Kamba ilikuwepo, ilikuwa tu ndefu kuliko mfuko wao. Nitarudi kwa urefu wa kamba.

Jumatano, jozi arobaini na tano

Benki kumi zinatoa jozi 45. Ukipima zote kwa asilimia 5, hata kama hakuna jozi hata moja yenye kamba, unatarajia mbili hivi zipite kwa bahati, na ukijaribu A juu ya B alafu B juu ya A ukachukua jibu tamu zaidi (majibu hutofautiana, rigresheni haina usawa), unaongeza tena uongo. Mwenzangu anataka tuongeze hisa za bima na simenti "ili tupate jozi nyingi". Hisa ishirini ni jozi 190, bahati peke yake inakupa tisa ama kumi. Hapana.

Tumekubaliana kwamba jozi itapimwa tu kama mmoja wetu anaweza kueleza kwa sentensi mbili kwa nini hizo benki haziwezi kuachana. Wakopaji wa aina moja, ukubwa unaokaribiana, masoko ya nje yanayofanana. Jozi zilizobaki ni chache mno hata jedwali la kuziorodhesha halihitajiki, na mimi nimefurahi.

Zoezi hilo limetuonyesha pia kwa nini korelesheni ya benki zetu inadanganya. Agosti 2016 sheria ya kufungia riba ilisainiwa, mikopo isizidi asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, na hisa za benki zikaporomoka pamoja. Siku chache za aina hiyo, kila mtu chini kwa pamoja, zinapandisha korelesheni ya kipindi kizima. Lakini anguko moja la pamoja halifungi mtu na mwingine. Kinachofuata ndio kinahesabika, na kilichofuata kilikuwa tofauti kwa kila benki, ile iliyokuwa ikiishi kwa mikopo ya watu wadogo na ile yenye wateja wakubwa na hati za serikali hazikuwa na sababu ya kuumia sawa, na sheria ikakaa mpaka Novemba 2019 ilipoondolewa. Hiyo ni zaidi ya miaka mitatu ya sheria tofauti za mchezo katikati ya data yetu.

Kwa kipimo hiyo ni sumu ya aina mbili. Kamba inaweza kuwa ipo kabla na ipo baada lakini urefu wake ulibadilika, spredi ikahama nyumba, na kipimo kikiona nyumba mbili kinasema hakuna nyumba. Ama kinyume, mistari inaonekana imefungwa 2016 mpaka 2019 kwa sababu zote zimebanwa na sheria moja, sheria ikitoka kila mtu anaenda kwao. Ndio maana tunakata data pale pale, tunapima kila kipande peke yake, na tunaangalia beta. Ikiwa 0.9 kwenye kipande kimoja na 1.6 kwenye kingine, thamani ya p haina cha kuniambia.

Halafu kuna mambo ya benki moja moja ambayo hayarudi nyuma. Benki ikinunua benki nyingine Kongo na jirani yake hajanunua, thamani yake imesonga jumla. KCB haikulipa gawio la mwaka wa 2023 wakati Equity walilipa shilingi 4. Huwezi kuuza hiyo tofauti ukitegemea itajifuta kwa sababu eti zimekuwa zikitembea pamoja.

Ijumaa, bei zilizolala

Leo nimepoteza muda mzuri kwa jozi C na G, na sijutii kwa sababu imenionyesha uchafu mwingine. Kipimo kilitoa namba kali sana, mbali chini ya -3.90, na spredi inarudi karibu kwa siku moja. Kitu kizuri hivyo kwa soko la Nairobi ni cha kushuku mara moja.

G ni hisa ambayo siku nyingine hakuna anayeigusa. Bei ya kufunga inayoandikwa inatoka kwa miamala iliyofanyika, ambayo inaweza kuwa ya saa nne asubuhi ama ya juzi, wakati C imeuzwa mpaka soko linafungwa saa tisa. Habari ikitoka mchana C inasonga, G inabaki imelala, spredi inapanuka kwa karatasi. Kesho yake mtu ananunua G mara moja kwa bei mpya, spredi inarudi. Kipimo kinaona mshtuko na kurudi, mshtuko na kurudi, kinapiga makofi, lakini ile bei ya G uliyotaka kununua haikuwepo. Vile vile bei ikiruka kati ya anayenunua na anayeuza tu, juu chini juu chini, inaonekana kama kamba.

Njia ya kujua ni rahisi. Hesabu siku ambazo bei haikubadilika kabisa na kiasi kilichouzwa ni sifuri, na kama ni nyingi usipime kwa siku, chukua bei ya Jumatano ya kila wiki (ama ya mwisho iliyouzwa kweli kweli) upime hiyo. Nimefanya hivyo kwa C na G, kurudi kukapotea kabisa. Imetoka kwa orodha.

Na magawio. Bei ikishuka siku ya gawio kwa sababu gawio limetoka, hiyo sio spredi, ni pesa imeingia mfukoni kwa mwenye hisa. Benki moja ikilipa kubwa mara moja kwa mwaka na nyingine ikilipa kidogo mara mbili, mstari wa bei tupu unateremka ngazi ambazo hazipo. Hisa ikigawanywa kumi kwa moja, kama Equity 2009, bila kurekebisha data, usiulize.

Jumapili tena, kamba ina urefu gani

Jozi iliyobaki inayonivutia ni A na D. Imepita kwa jedwali sahihi kwenye kipande cha baada ya 2019, beta haijahama sana, hisa zote mbili zinauzwa kila siku. Kinachofuata ni kuuliza inarudi kwa kasi gani, kwa sababu kipimo kinakuambia kama kuna kamba, hakikuambii kama utaishi kuiona ikikaza.

Unachukua kile kigawo cha mabadiliko ya spredi juu ya spredi ya jana. Kwa A na D ni kama -0.05. Kila siku asilimia 5 ya pengo inafungwa, kwa hivyo nusu ya pengo, hiyo ndio nusu-uhai ya spredi, inachukua:

```
ln(0.5) / ln(1 − 0.05) = siku 13.5
```

Wiki tatu za soko kasoro kidogo. Inashikika. Kigawo kikiwa -0.01 ni siku 69, zaidi ya miezi mitatu kwa nusu peke yake, na hapo kuna ubaya mwingine, data ya mwaka mmoja ni siku 250 hivi, ndani yake kurudi kwa namna hiyo kunatokea mara chache mno kipimo kione, na hata miaka minne unaweza kuikosa mara nyingi. Kwa hivyo "haikupita" haimaanishi "haina kamba", inaweza kuwa kamba ndefu na data fupi. Lakini kwangu haijalishi sana, kamba ambayo sioni kwa miaka minne siwezi kuilipia mkopo.

Gharama nayo. Tuseme broka na ada zote zinakula asilimia 1.5 kila muamala kwa mtu mdogo. Jozi moja ni miamala minne, kununua na kuuza upande huu, kuuza na kununua upande ule, jumla asilimia 6 ya thamani ya upande mmoja. Kama mkengeuko wa spredi ni asilimia 3 na unaingia ikiwa mara mbili ya hiyo, pengo lote likirudi mpaka sifuri umepata asilimia 6. Umefanya kazi ya bure na broka amekushukuru. Juu ya hiyo, kukopa hisa ndio uuze kuna kanuni tangu 2017, lakini kumpata wa kukukopesha hisa za benki kwa NSE ukiwa na akaunti ya kawaida, jaribu uone.

Mwenzangu alishuka moyo, "Sasa hii yote ilikuwa ya nini?" Nikamwambia mimi sioni jozi kwa hapa kama kitu cha kuuza na kununua kwa wakati mmoja. Naona mtu ambaye tayari anashikilia A na D kwa sababu zake za gawio, na alikuwa anaenda kuongeza pesa mwezi huu ama kupunguza. Pengo likiwa limepanuka anaongeza ile iliyobaki nyuma, muamala mmoja ambao angefanya hata hivyo, hakopi chochote. Hapo asilimia 6 ya spredi ni yake karibu yote, na kama kamba imekatika amebaki na hisa ya benki aliyokuwa anaitaka.

Sheria yetu ya kutoka tumeandika kabla ya kuanza: spredi ikikaa nje ya mikengeuko mitatu kwa muda unaozidi nusu-uhai mara tatu, siku arobaini hivi kwa A na D, tunaacha kuiita jozi na tunaangalia ni habari gani ilitoka ya benki moja ambayo haikuwa ya nyingine.

Iliyobaki sasa ni kuchukua beta ya nusu ya kwanza ya kipande, kuigandisha, na kuitumia kwa nusu ya pili bila kuigusa, tuone mabaki bado yanarudi ama yalikuwa yanarudi kwa sababu rigresheni iliyavuta. Skripti iko tayari, tunangoja magawio ya D ya miaka miwili ambayo hayamo kwa data na mwenzangu anayaandika kwa mkono kutoka kwa ripoti za mwaka.